Kikao kimebadilishwa muda: meseji ya kupini, voisi, kura au simu, utumie ipi kwenye grupu?

Mimi ni katibu wa kikoba cha watu 34, tunakutana Tabata mara moja kwa mwezi, na grupu letu la WhatsApp ndo ofisi yetu. Mwaka juzi kikao cha Jumamosi saa 10 jioni tulikihamishia Jumapili saa 8 mchana, nikaandika kwenye grupu, watu wakajibu "sawa katibu", "tumepokea", nikalala nikijua kazi imeisha. Jumamosi saa 9 na nusu napigiwa simu na bi mkubwa mmoja katokea Mlandizi, kapanda magari mawili, yupo mlangoni na daftari lake la hisa mkononi anauliza mbona kimya. Nikamuuliza Mama hukuona meseji? Akasema mwanangu nimeona, si hiyo iliyoganda pale juu. Kwenda kucheki, kumbe ile ya kwanza yenye saa 10 nilikuwa nimeipini na sikuitoa. Yeye alisoma alichotakiwa kusoma, kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila namna ya kutangaza, na watu wa magrupu mengine (kwaya, kamati za harusi, wazazi wa shule) huwa wananiuliza ipi nzuri. Inategemea, na hapa nitaeleza inategemea nini.

Kwanza, vitu vya kuangalia kabla hujachagua

Napima kwa maswali manne, hayohayo kwa kila njia.

Kufika: je, itamfikia hata yule aliyemyuti grupu, aliyeli-akaivu, au aliyeishiwa bando?

Saa: je, mtu anaweza kuisoma saa vibaya? Kwetu hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana mdomoni tunahesabu saa za Kiswahili ila simu inaonyesha nyingine, tofauti saa sita nzima. Kijana ameangalia simu imeandika 2:00 PM naye anaandika "kikao saa 2", mama anaelewa saa mbili, na hajui kama ni asubuhi au usiku. Au mtu anaandika "saa 8" bila mchana wala usiku, na aliyekaa sana nje anaisoma kama 8:00 ya simu yake, yaani saa mbili kwetu.

Uthibitisho: je, utajua kwa majina nani hajaona? Sio wangapi, majina.

Kuzama: baada ya pole, pongezi na stika mia, tangazo litaonekana?

Halafu kuna swali moja linalotangulia yote manne, nalo ni kwamba kikao kimesogea kwenda wapi. Kikichelewa kuliko mwanzo, asiyejua atafika mapema, atapoteza nauli na mchana wake, atakasirika, lakini bado anaweza kurudi. Kikiwahi kuliko mwanzo, asiyejua atafika watu wameshatawanyika, mkopo umeshapitishwa, na hakuna namna ya kumrudishia kile kikao. Kwahiyo kikao kilichowahishwa kinahitaji njia nzito zaidi kuliko kilichocheleweshwa, hata kama watu ni walewale.

Na tafadhali usiandike "kikao kimesogezwa mbele". Wengi wanaelewa kimeahirishwa, ila ukiwa unaongelea saa ndani ya siku ileile wapo wanaoelewa kimewahishwa, nimeshuhudia watu wawili wanabishana humohumo grupuni kuhusu sentensi hiyo. Andika siku na saa mpya, basi.

Njia ya 1: meseji mpya ya maandishi, unaipini

Hii ndo wengi wanatumia, na wengi wanaikosea.

*Kufika.* Aliyemyuti grupu haisikii ikiingia. Ila ukimtagi kwa jina lake kwa alama ya @ kwa kawaida simu yake inamstua hata kama kamyuti, na hata kama grupu kaliweka akaivu, kwahiyo tagi ni silaha, usiimalize kwenye kutakiana heri ya siku ya kuzaliwa. Kitu kingine ni maneno ya mwanzo. Simu ikiwa imefungwa inaonyesha mstari wa kwanza tu au miwili, na sisi tunaanza "Habari za jioni wapendwa wanakikundi, ni matumaini yangu wote mu wazima wa afya", hapo nafasi imeisha na saa haijatajwa. Mtu anaona salamu, anasema nitasoma baadaye, na baadaye ndo haifiki. Najua kuacha salamu kwa wakubwa sio adabu, mimi siziachi, nazishusha mstari wa pili.

*Saa.* Hapa maandishi yanashinda njia nyingine zote maana unaweza kuandika saa kwa namna mbili kwa pamoja. Yangu sasa inakaa hivi:

KIKAO SASA NI JUMAPILI tarehe 16, SAA 8 MCHANA (14:00), Tabata palepale.
Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine.
Kile cha Jumamosi HAKIPO tena, mtu asije Jumamosi.
Sababu: mweka hazina ana msiba, anarudi Jumamosi usiku.
Ukisoma weka 👍 hapahapa.

Angalia saa ya zamani haipo kabisa. Ukiandika "kutoka saa 10 kwenda saa 8", anayesoma akiwa kwenye daladala anashika namba moja tu, na hujui ataishika ipi. Na "kesho" usiiandike, mtu akifungua simu saa 6 na nusu usiku kesho yake imeshakuwa siku nyingine. Kwa vikao vya usiku kuwa makini zaidi, kwa sisi watu wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama, na mtu wa bara akisikia hivyo atakuja Ijumaa.

*Uthibitisho.* Ni mzuri kuliko watu wanavyojua. Aliyetuma meseji akiibonyeza kwa muda na kufungua Info anaona waliosoma na waliofikiwa bila kusoma. Hata aliyezima tiki za bluu kwenye simu yake anaonekana hapo, maana ile setingi haifanyi kazi kwenye magrupu. Ila anayeona ni mtumaji peke yake, kwahiyo atakayefuatilia watu ndiye atume, sio mwenyekiti atume halafu katibu afuatilie kwa kubahatisha.

*Kuzama.* Ukiipini haizami, unachagua ikae masaa 24, siku 7 au siku 30. Chagua siku 7 kama kikao kiko ndani ya wiki, ya masaa 24 inadondoka kabla ya siku yenyewe. Na uondoe pini ya zamani, hili nalirudia kwa sababu ya yule mama. WhatsApp inaruhusu pini zaidi ya moja kwenye grupu moja, kwahiyo ya zamani haitoki eti kwa sababu umeweka mpya, zinakaa zote mbili na zinapingana.

Kosa jingine ni kuiedit ile meseji ya zamani. Edit inaruhusiwa ndani ya dakika 15, na watu wanaona ni safi, lakini haimstui mtu upya, aliyeisoma dakika ya tatu hatajua kwamba ilibadilika dakika ya kumi. Bora kuifuta kwa wote, una kama siku mbili na nusu za kufanya hivyo, halafu utume mpya. Muda wa kufuta ukiwa umepita, ijibu ileile uandike juu yake HII IMEFUTWA, SOMA PINI.

Inawafaa: grupu ambalo karibu wote wanasoma, lina kelele za kawaida, na una siku mbili tatu mkononi.

Njia ya 2: voisi

Kuna watu wanaidharau voisi, mimi siidharau. Kwenye kikoba chetu wapo watu sita hivi kusoma kwao ni kwa shida au macho yamechoka, hao meseji ndefu hawaifungui, voisi wanaisikiliza mpaka mwisho, na wakisikia sauti ya katibu wanajua sio tangazo la kuforwadiwa kutoka sijui wapi.

*Kufika.* Aliyemyuti anaikosa kama ile ya maandishi, na zaidi ya hapo, aliye kazini au kanisani ataiona tu kama kipaza sauti na dakika, hajui ndani kuna nini, anaiahirisha. Bando inakula kidogo zaidi ila sio tatizo kubwa kama ni fupi.

*Saa.* Mdomo kwa kawaida haukosei saa ya Kiswahili, hakuna anayetamka "saa mbili" akimaanisha saa nane. Lakini sikio linasahau, na mtu akitaka kuhakikisha inabidi asikilize tena yote. Ukirekodi, siku na saa ziseme sekunde za mwanzo kabla ya salamu, na uzirudie mwisho, sekunde 20 zinatosha. Ya dakika tatu yenye historia ya kwanini mweka hazina kasafiri, watu wanaikata katikati.

*Uthibitisho.* Info inakuonyesha na waliosikiliza, hapo voisi inaizidi hata meseji, maana mtu anaweza kufungua grupu akapita tu juu ya maandishi, ila voisi lazima aibonyeze.

*Kuzama.* Inazama vibaya, ukija kuitafuta kwa kuandika "kikao" kwenye sehemu ya kutafuta haiji. Kuipini inapinika, ila kule juu inaonekana ni voisi tu, saa haisomeki.

Inawafaa: grupu lenye wazee au wasiosoma vizuri, na mabadiliko yenye jambo zito nyuma yake kama msiba, ambapo sauti ya mtu inahitajika. Mimi siitumi peke yake, naiweka chini ya maandishi.

Njia ya 3: kura

Kura nayoisemea hapa sio ya kuuliza tukutane lini, ni ya kuthibitisha. Swali linakuwa "KIKAO JUMAPILI tarehe 16 SAA 8 MCHANA (14:00)" na majibu mawili: "Nimeona, nakuja" na "Nimeona, sitaweza". Zima ile ya kuruhusu majibu mengi ili mtu achague moja.

*Kufika.* Sawa na meseji.

*Saa.* Ipo kwenye swali lenyewe, vizuri. Hatari ni moja, ukiweka saa mbilimbili kama machaguo wakati uamuzi umeshatoka, watu wataelewa bado mnajadiliana, na atakayechagua saa 10 atakuja saa 10. Kura ya kuuliza na kura ya kuthibitisha zisikae grupuni siku moja.

*Uthibitisho.* Hapa ndo nguvu yake. Unaona majina kwenye kila jibu na kila mtu anayaona, sio mtumaji tu, kwahiyo wenyewe kwa wenyewe wanakumbushana. Na aliyepiga kura amefanya kitendo, hajapita tu kwa macho. Ila tahadhari, wapo wanaobonyeza kwa kufuata mkumbo bila kusoma swali, na wapo ambao hawabonyezi kabisa hata wamesoma, hasa wakubwa. Kwetu kura huwa inaishia kwa watu kama 22, wale 11 waliobaki sio kwamba hawajui, kwahiyo usianze kuwapigia wote kabla hujaangalia Info.

*Kuzama.* Nayo inapinika. Kuna na kile kipengele cha Event cha kuweka tukio lenye tarehe, saa na mahali, watu wanajibu wanakuja au hapana, na aliyejibu anakuja anakumbushwa muda ukikaribia. Ni kizuri kwa vijana wenye simu zilizoapdetiwa. Ukikitumia angalia sana wakati wa kuchagua saa, hapo unachagua saa ya simu, saa nane mchana ni 2:00 PM au 14:00, nimeona katibu wa kamati ya harusi kaweka 8:00 PM.

Inawafaa: grupu linalohitaji akidi, yaani mkiwa pungufu hamwezi kuamua, au panapopikwa chakula na unataka idadi.

Njia ya 4: simu au SMS kwa mmojammoja

*Kufika.* Hakuna inayoizidi. Inamkuta mwenye kitochi, aliyeishiwa bando, aliyetoka kwenye grupu kwa hasira mwezi uliopita ila bado ni mwanachama. SMS ya kawaida ni herufi 160, inatosha sana, ila usiweke emoji, ukiweka hata moja nafasi inashuka mpaka 70 na meseji inakatika vipande, unalipia zaidi. Wengine wanatumia ile orodha ya kutuma kwa wengi ya WhatsApp, jua tu kwamba inamfikia yule aliyeseivu namba yako, asiyekuseivu hapati na wewe hujui.

*Saa.* Kwenye simu mwambie arudie yeye: "Kwahiyo Mama tunaonana lini?" Akijibu Jumapili saa nane, umemaliza. Akijibu "sawa sawa", hujamaliza.

*Uthibitisho.* Kamili, kwa mtu uliyeongea naye. Ukimwachia ujumbe mtoto wake aliyepokea, huo sio uthibitisho.

*Kuzama.* Haizami ila haiachi maandishi, baada ya siku nne mtu anasahau, kwahiyo ikifuatiwa na SMS fupi ni bora.

Gharama yake ni muda wako. Watu 33 kwa dakika mbilimbili, maana huwezi kukata bila kuuliza hali ya nyumbani, ni zaidi ya saa nzima, na hata hivyo hupokelewi na wote. Inawafaa: grupu dogo la watu kumi, au mabadiliko ya ghafla ya siku hiyohiyo, au kama kipande cha mwisho cha njia nyingine.

Tulivyofanya mara ya mwisho

Kikao kilikuwa kihame tena Jumamosi kwenda Jumapili. Jumatano saa 2 usiku nilifunga grupu kwa nusu saa, admini tu waandike, nikafuta meseji ya zamani, nikatoa pini yake, nikarekebisha na maelezo ya grupu maana nayo yalikuwa bado yanasema Jumamosi, nikatuma maandishi na kuyapini siku 7, chini yake voisi ya sekunde 18, nikafungua grupu.

Alhamisi saa 1 usiku nikafungua Info. Kati ya watu 33, waliosoma 26, waliofikiwa bila kusoma 5, na wawili hawakuwa popote, majina yao niliyapata kwa kulinganisha na orodha ya wanachama. Hawa makundi mawili hawatibiwi kwa dawa moja. Wale watano simu zimepokea ila hawajafungua, niliwatagi kwa majina, wanne wakasoma usiku uleule. Wale wawili simu imezimwa au bando hakuna, kuwatagi ni kazi bure, niliwapigia. Mmoja nilimpata, wa pili namba haipatikani, nikampigia jirani yake ambaye yupo kikobani akaenda kumgongea.

Akabaki mmoja wa kundi la watano. Yule nilimpigia Jumamosi saa 5 asubuhi, na saa hiyo niliichagua kwa makusudi: hatari ilikuwa kwenye muda wa zamani. Anayetoka mbali kuwahi saa 10 jioni anaondoka nyumbani saa 7, kwahiyo ukimkumbusha saa 9 umempigia akiwa kwenye gari. Alikuwa anapiga pasi kitenge cha kuja nacho.

Jumla simu tatu na moja ya jirani, haikuzidi dakika kumi na tano.

Kwa hali yako

Kikao kimecheleweshwa na una siku mbili au zaidi: maandishi ya kupini, Info kesho yake, tagi na simu kwa waliobaki, halafu kumbusho masaa matano kabla ya muda wa ZAMANI.

Kikao kimewahishwa: fanya hayohayo ila usisubiri kesho yake, fungua Info baada ya masaa mawili na uanze kupiga, kuanzia wanaokaa mbali na wenye jambo lao kwenye ajenda.

Kimebadilika leo kwa leo: simu kwanza, grupu baadaye. Gawaneni, viongozi watatu kila mmoja watu kumi, na kila mmoja awe na majina yake ili mtu asipigiwe mara tatu na mwingine asipigiwe kabisa.

Wengi ni wazee: voisi fupi pamoja na maandishi, na mjukuu mwenye simu awe anajulikana.

Mnahitaji akidi: kura ya kuthibitisha, Info pembeni.

Mna watu nje: andika saa ya kila mahali, usiwaachie wapige hesabu. Saa 8 mchana ya Dar au Nairobi, Muscat ni saa 9 mchana (15:00), Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ni saa 7 mchana (13:00), London inabadilika kati ya 11:00 na 12:00 kutegemea majira yao, na huyo wa London mwandikie namba za simu tu, usimwandikie saa 5.

Na kama grupu lenu lina watu wasio na simujanja, tengeneza leo orodha ya majina yao na nani anampelekea nani taarifa, ibandike kwenye daftari la kikundi, maana siku ya mabadiliko hutakuwa na muda wa kuitafuta.